Nani Hakuja Ibadani?

Mwaka 1976 wauguzi wa kike 121,700 nchini Marekani walijaza dodoso la utafiti ambao haukuwa na nia yoyote ya kuchunguza dini. Walioanzisha utafiti huo walitaka kujua kama vidonge vya uzazi wa mpango vina madhara ya muda mrefu. Kila baada ya miaka miwili wauguzi hao walipelekewa dodoso jingine, wakaulizwa wanakula nini, wanavuta sigara au la, wamewahi kuugua nini. Mwaka 1992, katikati ya maswali hayo ya mwili, likaongezwa moja la namna nyingine: unakwenda ibadani mara ngapi?

Swali hilo moja limezaa baadhi ya takwimu zinazonukuliwa sana panapozungumzwa dini na afya ya akili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwemo Shanshan Li na Tyler VanderWeele, walichapisha matokeo ya wanawake 48,984 waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2008. Waliokuwa wakienda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata sonona, kwa takriban asilimia 29, kuliko wasiokwenda kabisa. Sonona ninayoizungumzia hapa si huzuni ya siku mbili tatu. Ni ugonjwa wa huzuni nzito unaokaa wiki hata miezi, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula, nguvu ya kufanya kazi, na mara nyingine hamu ya kuishi.

Takwimu hiyo ya asilimia 29 inapendeza mimbarini na redioni, na sioni kosa kuitaja. Lakini makala hiyohiyo ina tokeo la pili ambalo halitajwi sana. Watafiti waligeuza swali: je, mwanamke aliyekwisha kupata sonona anaendelea kwenda ibadani? Wakakuta kwamba uwezekano wa mwanamke huyo kuhudhuria kila wiki katika miaka iliyofuata ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 26 ukilinganisha na asiye na sonona. Kwa maneno mengine, ibada ilionekana kuipunguza sonona, na sonona nayo ilionekana kuipunguza ibada. Nguvu hizo mbili zilikaribiana.

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa wa utafiti huu wote, na msomaji akikishika kipande hiki ataweza kuipima karibu kila habari atakayoisikia kuhusu dini na akili.

Fikiria mtafiti anayefika mahali fulani siku moja, akagawa dodoso lenye sehemu mbili: ya kwanza inauliza mara ngapi unasali na wenzako, ya pili inauliza dalili za sonona. Akirudi nyumbani na kuhesabu, atakuta wanaohudhuria ibada wana dalili chache. Ataandika kwamba ibada hulinda. Lakini hakumwona yule ambaye miezi sita iliyopita alikuwa safu ya mbele kwenye kwaya, kisha sonona ikamshika. Mtu huyo sasa haamki asubuhi. Kuoga ni mzigo, kuvaa ni mzigo, kusalimiana na watu na kuulizwa "mbona umekonda?" ni mzigo mkubwa zaidi. Ameacha kwenda. Kwenye dodoso anahesabiwa miongoni mwa wasiohudhuria ibada, wenye dalili nyingi. Si kwamba kutokwenda kulimwuguza. Aliugua, ndipo akaacha kwenda.

Joanna Maselko na wenzake walilichunguza jambo hili kwa watu wazima 2,097 wa mji wa Providence, Marekani, waliokuwa wakifuatiliwa tangu utotoni. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Wanawake waliopatwa na sonona mapema, kabla ya kufikia utu uzima, walikuwa na uwezekano mara 1.42 zaidi wa kuwa wameacha kwenda ibadani walipokuwa watu wazima. Kwa wanaume hali haikuwa hivyo. Utafiti huo haukusema kwamba ibada haina faida yoyote. Ulisema kwamba sehemu ya faida tunayoiona kwenye takwimu huenda si faida bali ni mchujo: wagonjwa wanachujwa polepole kutoka katika safu za waumini, wanabaki wenye afya, kisha tunawasifu waliobaki kwa afya yao.

Mchujo huo unaweza pia kwenda upande wa pili, na mfano mzuri uko Dar es Salaam. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha ulinganisho wa watu waliokwenda vituo vya afya vya msingi na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kwenye vituo vya afya, waliokuwa na matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi, walikuwa kama asilimia 24. Kwa waganga walikuwa asilimia 48, mara mbili. Hakuna mtu mwenye busara atakayesema waganga ndio waliowaugua nusu ya wateja wao. Watu wenye dhiki ya moyo ndio wanaokwenda huko kutafuta nafuu. Sasa, kama tunaliona hilo mara moja kwa mganga, tunapaswa kuliona pia kwa kanisa na msikiti. Hata sala ya faraghani ina tabia hii. Mtu huomba zaidi akiwa taabani, kwa hiyo ukipima kwa siku moja tu, sala nyingi na dhiki nyingi huonekana pamoja. Ukipima kwenda ibadani, unapata sura tofauti, kwa sababu kwenda kunahitaji miguu yenye nguvu na moyo wa kukutana na watu.

Wauguzi wa Marekani wana thamani kubwa kwa sababu waliulizwa mara nyingi, kwa miaka. Watafiti waliweza kujua nani alikuwa anakwenda ibadani kabla, nani alikuwa na sonona kabla, kisha kuangalia nani aliugua baadaye. Mchujo nilioueleza haukuweza kuondoa tokeo lao lote. Ndiyo sababu nauamini utafiti huu kuliko mamia ya tafiti za siku moja. Hata hivyo, ni wanawake, karibu wote weupe, wengi wao Wakristo, wote wenye taaluma na kipato. Na hakuna awezaye kupiga kura ya bahati nasibu, huyu awe mwumini na huyu asiwe, ili tulinganishe. Daima hubaki shaka kwamba waendao ibadani kila wiki walikuwa na jambo jingine tangu mwanzo, tabia au malezi au ndoa, ambalo dodoso halikulikamata.

Watafiti wawili, nchi mbili, majibu mawili

Mwaka 2013, miaka mitatu kabla ya makala ya wauguzi, Baptiste Leurent na wenzake walichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Walifuatilia watu 8,318 waliokuwa wakienda kwa madaktari wa kawaida katika nchi saba: Uingereza, Uhispania, Slovenia, Estonia, Uholanzi, Ureno na Chile. Waliwauliza kama maisha yao wanayaelewa kwa njia ya dini, au kwa njia ya kiroho isiyo na dini maalumu, au bila vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja walihesabu waliopata sonona kubwa. Wasio na dini wala imani ya kiroho walikuwa asilimia 7.0. Wenye dini walikuwa asilimia 10.3. Wa kiroho bila dini walikuwa asilimia 10.5. Zaidi ya hapo, wenye imani kali walikuwa katika hatari mara mbili ya wenye imani dhaifu, na haikuonekana kwamba imani iliwakinga watu baada ya kupatwa na msiba au janga kubwa la maisha.

Kwa hiyo imani hulinda, au huhatarisha?

Kabla ya kuchagua upande, tazama walichouliza. Wauguzi waliulizwa wanakwenda wapi. Wagonjwa wa nchi saba waliulizwa wanaamini nini. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa magazeti huyaita yote dini. Mtu anaweza kuwa na imani kali na akaishi peke yake, bila jirani wa kumgongea mlango. Mwingine anakwenda kila wiki, ana jumuiya inayomchangia akiuguliwa na kumtafuta asipoonekana, na imani yake mwenyewe ni ya kawaida tu. Tena, ukizama ndani ya takwimu za Leurent, utaona tofauti kati ya makundi ilikuwa dhahiri nchini Uingereza tu, ambako watu wa kiroho walikuwa na hatari karibu mara tatu ya wasio na imani. Katika nchi nyingine hazikuwa dhahiri. Habari iliyosambaa ikasema imani inaleta sonona. Utafiti wenyewe ulisema inategemea uko wapi.

Mahali kweli lina uzito. Jochen Gebauer na wenzake, mwaka 2012, walitumia majibu ya watu karibu 188,000 kutoka nchi 11 za Ulaya. Wakakuta kwamba wenye dini walikuwa na hali njema ya nafsi katika nchi ambako dini inaheshimiwa. Ambako dini haina heshima kubwa, faida hiyo ilipungua hadi kukaribia kutoweka. Kama ndivyo, basi sehemu ya nafuu anayoipata mwumini inatokana na kukubalika na wenzake, na takwimu za Boston au London haziwezi kuhamishiwa Tanga au Bukavu bila kupimwa upya.

Halafu kuna Lisa Miller wa New York. Mwaka 2012 alichapisha matokeo ya watu 114, wengine watoto wa wazazi wenye sonona na wengine watoto wa wazazi wasio nayo, waliofuatiliwa kwa miaka kumi. Waliosema dini ina umuhimu mkubwa kwao walikuwa na takriban robo tu ya hatari ya kupata sonona kubwa katika miaka iliyofuata. Hayo ni matokeo makubwa mno. Lakini katika utafiti wake kuhudhuria ibada hakukuonyesha tofauti ya kuaminika, wala dhehebu halikuonyesha. Kwa wauguzi kwenda ndiko kulikokuwa na uzito. Kwa Miller kilichokuwa na uzito ni dini ilivyo moyoni. Mimi huwa naangalia idadi kwanza. Watu 114, ukiwagawa kwa umuhimu wa dini, kisha kwa hali ya mzazi, kisha kwa nani aliugua, unabaki na vikundi vya watu wachache sana, na watu wawili watatu wakibadilisha jibu, robo inaweza kuwa nusu. Sisemi Miller alikosea. Nasema matokeo makubwa kutoka kwa watu wachache yasubiri kurudiwa kabla hayajapelekwa mimbarini.

Kuna waliojaribu kuumaliza ubishi kwa kukusanya tafiti zote. Timothy Smith, Michael McCullough na Justin Poll walifanya hivyo mwaka 2003, kwa tafiti 147 zenye jumla ya watu karibu 99,000. Jibu lao lilikuwa uwiano wa hasi 0.096 kati ya dini na dalili za sonona. Tuiweke namba hiyo mezani. Chukua watu 100 wenye dini zaidi na 100 wenye dini kidogo, kisha uwapange wote 200 katika nusu mbili, wenye dalili nyingi na wenye dalili chache. Kati ya wale 100 wa kwanza, kama 45 wataangukia upande wa dalili nyingi. Kati ya wale 100 wa pili, kama 55. Tofauti ipo. Lakini waumini 45 kati ya 100 wapo upande wa dalili nyingi, na kumwambia mmoja wao kwamba anaugua kwa sababu imani yake ni haba ni kumdhulumu kwa jina la utafiti usiosema hivyo. Smith na wenzake walikuta pia kwamba uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa watu waliokuwa katika misukosuko, jambo ambalo Leurent hakuliona.

Mwaka 2019 Arjan Braam wa Uholanzi na Harold Koenig wa Chuo Kikuu cha Duke walikusanya tafiti 152 za kufuatilia watu kwa muda, wakaziacha zile za siku moja. Asilimia 49 zilionyesha angalau uhusiano mmoja wa dini na nafuu. Asilimia 41 hazikuonyesha uhusiano wa kuaminika. Asilimia 10 zilionyesha sonona zaidi, au matokeo ya mchanganyiko. Mtu akisoma haraka atasema dini imeshinda. Yasome tena maneno "angalau uhusiano mmoja". Utafiti mmoja unaweza kuuliza kuhusu kwenda ibadani, sala, kusoma maandiko, umuhimu wa dini na imani ya peponi, kwa wanaume na kwa wanawake, kwa vijana na kwa wazee. Kwa kipimo wanachotumia watafiti wengi, ulinganisho mmoja katika kila ishirini utaonekana wa kuaminika kwa bahati tu. Atakayeuliza kwa njia nyingi hakosi kupata kimoja cha kuandika.

Kipimo kinachojijibu

Udhaifu unaonisumbua zaidi uko ndani ya madodoso yenyewe, na msomaji wa kawaida hauoni kwa sababu madodoso hayachapishwi magazetini.

Lipo dodoso moja la hali ya kiroho linalotumika sana kwa wagonjwa wa saratani na magonjwa mengine mazito. Linamtaka mgonjwa aseme anakubaliana kwa kiasi gani na kauli kama kwamba anajisikia ana amani, kwamba ana sababu ya kuishi, kwamba maisha yake yamekuwa na manufaa. Sasa linganisha na dodoso la sonona, ambalo huuliza kama mtu amepoteza hamu, anajiona hafai, anafikiri ni heri afe. Asiye na amani wala sababu ya kuishi atapata alama ndogo kwenye kipimo cha kiroho na alama kubwa kwenye kipimo cha sonona, hata kama hana dini, hata kama ni shehe au askofu. Mtafiti anayeoanisha vipimo hivyo na kutangaza kwamba hali ya kiroho hulinda akili ni kama mwenye duka anayehesabu noti zilezile mfuko wa kushoto, kisha mfuko wa kulia, akasema biashara imekua.

Aliyelipigia kelele hili mwaka 2008 ni Koenig huyohuyo wa Duke, daktari ambaye amefanya kazi kubwa kuliko karibu yeyote kuonyesha kwamba dini ina faida kwa afya. Namheshimu kwa hilo. Alisema wazi kwamba vipimo vya kiroho vilivyojazwa maswali ya furaha na amani haviwezi kutumika kuchunguza uhusiano wa roho na akili, maana jibu limo ndani ya swali.

Kipimo cha kwenda ibadani kinaonekana safi zaidi, lakini nacho kina madoa. Watu hawasemi kweli, au tuseme hujibu kwa namna wanavyotamani kuwa. Mwaka 1993 Kirk Hadaway, Penny Marler na Mark Chaves walikwenda wilaya moja ya jimbo la Ohio, wakahesabu watu waliomo makanisani na kulinganisha na walichosema watu kwa simu. Waliohesabiwa walikuwa karibu nusu ya waliodai kwenda. Na sisi watu wa pwani tuna swali la ziada. Mwanamke wa Kiislamu anayesali sala tano nyumbani kwake, anayefunga, anayesoma Kurani kila alfajiri, ataandika nini akiulizwa anakwenda msikitini mara ngapi kwa wiki? Wengi wataandika sifuri. Kwa dodoso lililotungwa kwa ajili ya Jumapili, mama huyo ni sawa na asiye na dini. Utafiti wa namna hiyo ukifanywa Pemba au Lamu bila kubadilishwa, utatoa namba, nazo hazitakuwa na maana yoyote.

Kuhusu kujiua, tahadhari inatakiwa kuwa kubwa zaidi. Wauguzi walewale ndio waliotoa takwimu kwamba wanaokwenda ibadani kila wiki wana hatari ya kujiua iliyo chini mara tano au zaidi. VanderWeele na wenzake waliichapisha mwaka 2016 kutokana na wanawake 89,708. Lakini katika miaka yote ya ufuatiliaji, waliojiua walikuwa 36. Hesabu yote inasimama juu ya vifo hivyo 36, ndiyo sababu watafiti wenyewe waliweka mipaka mipana: hatari ya wahudhuriaji inaweza kuwa chini ya nusu tu ya wengine, au ndogo mno hadi kufikia sehemu 6 kwa 100.

Zaidi ya uchache, kuna suala la nani anaandika chanzo cha kifo. Émile Durkheim, mwaka 1897, alijenga hoja maarufu kwamba Wakatoliki hujiua kwa uchache kuliko Waprotestanti kwa sababu jumuiya yao imeshikamana zaidi. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1996, Frans van Poppel na Lincoln Day walichambua kumbukumbu za vifo za Uholanzi za miaka ya 1905 hadi 1910. Walikuta vifo vya Wakatoliki viliandikwa zaidi kama vifo vya ghafla au vya sababu isiyojulikana. Ukivijumlisha hivyo na vya kujiua, pengo kati ya madhehebu lilielezeka kwa uandikaji. Penye aibu kubwa na dhambi kubwa, familia huficha, na karani huwaonea huruma. Nchini Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Ukiongeza sheria juu ya aibu, takwimu inayodai kwamba jamii fulani yenye dini haina kujiua inaweza kuwa inapima ukimya.

Imani inayouma

Hadi hapa nimesema dini kana kwamba ni kitu kimoja. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyelazimisha taaluma hii itenganishe. Alionyesha kwamba watu wawili wa dini moja, wa kanisa moja, hukabili dhiki kwa njia mbili. Mmoja humtegemea Mungu kama mwenza katika shida. Mwingine huona Mungu amemwacha, anamwadhibu, au shetani ndiye aliyemtendea. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea waliolazwa hospitalini, waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Waliosema Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake, au walioamini shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 19 hadi 28, hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa wao. Dini ilikuwa moyoni mwao, tena kwa nguvu. Ilikuwa inawauma.

Nadhani hapa ndipo sehemu ya ukinzani wa tafiti hupata jibu. Dodoso linalouliza umuhimu wa dini tu linawaweka kundi moja anayefarijiwa na anayeteswa. Wastani wao ukitoka karibu na sifuri, mtafiti anaandika kwamba dini haina athari, ilhali zilikuwepo athari mbili kinyume zilizofutana.

Mahali ambapo jaribio la kweli limewezekana, angalau kwa sehemu, ni Ghana. Kule kambi za maombi hupokea watu wenye magonjwa makali ya akili, na baadhi yao hufungwa minyororo huku wakiombewa na kufungishwa. Katika kambi moja, Angela Ofori-Atta na wenzake waliwagawa wagonjwa 139 kwa bahati nasibu. Wote waliendelea na maombi ya kambi. Nusu waliongezewa dawa za hospitali, wakitibiwa palepale kambini. Baada ya wiki sita dalili za waliopata dawa zilikuwa zimepungua wazi kuliko za waliobaki na maombi peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikutofautiana kwa dhahiri kati ya makundi hayo mawili. Dawa ilituliza ugonjwa na haikufungua kufuli, kwa sababu ufunguo ulikuwa mikononi mwa watu wenye mamlaka ya kambi. Hata uadilifu wa jaribio lenyewe umehojiwa, na mimi naona ni haki kuhoji: watafiti walikuwepo, wakahesabu siku, na watu wakabaki wamefungwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, Oye Gureje wa Nigeria na wenzake walichapisha jaribio kubwa zaidi huko Ghana na Nigeria, la watu 307 wenye saikosisi waliokuwa kwa waganga wa jadi na wa imani. Pale waganga na wahudumu wa afya walipofundishwa kufanya kazi pamoja, mgonjwa asibebwe na mmoja wala kunyang'anywa na mwingine, dalili zilipungua zaidi kuliko kwa utaratibu wa kawaida. Jaribio hilo halikupima kama Mungu anaponya. Lilipima jambo ambalo lingeweza kuanzishwa kesho Mwanza, Mombasa au Goma, kwenye kambi za maombi na kwa masheikh wanaosoma dua.

Kwa hiyo, kiongozi wa dini anayesoma haya, ukitaka kutumia utafiti, tumia uliopimwa vizuri. Hakuna hata mmoja kati ya niliyoitaja unaokuruhusu kumwambia mgonjwa aache dawa. Na ule wa Providence unakupa kazi ya wiki hii: angalia nani ameacha kuja. Usimtangaze kuwa amerudi nyuma kiimani. Nenda kwake au mtume mtu anayemwamini, mwulize analalaje, anakulaje, kama amewahi kufikiri kuyakatisha maisha yake, na kama jibu linatisha, msindikize hospitali siku hiyohiyo.